Maelezo ya kazi: ofa yetu ya abaya na kanzu za watoto, Idi 2026

Assalaam alaykum dada, habari za mfungo. Haya ndo maelezo ya ile kazi tuliyoongea kwenye simu, nimeyaweka yote sehemu moja usije ukaanza kutafuta voisi noti. Soma hadi mwisho kabla hujarekodi, hasa kwenye kutaja kwamba umelipwa, hapo sitabadilisha hata neno.

Ofa yenyewe. Abaya za nida zilizokuwa 65,000 tunauza 48,000, na kanzu ya mtoto pamoja na kofia yake, miaka 2 mpaka 12, kutoka 35,000 mpaka 25,000. Hiyo bei ya zamani ndo iliyokuwa kwenye tagi tangu Januari, hatujaipandisha ili tuje tuishushe, kwahiyo itaje bila wasiwasi, ila usiseme "nusu bei" wala "bei ya kutupa" maana sio kweli. Ofa inaanza Jumamosi tarehe 7 Machi, dukani kwetu Kariakoo Mtaa wa Congo na kwa oda za simu. Mteja akitaja neno IDI KWETU ndani ya Dar tunampelekea kwa boda bila kulipia usafiri. Mikoani analipia mzigo wa basi mwenyewe, na mwisho wa oda za mikoani ni Jumatatu tarehe 16 saa kumi jioni, hilo liseme kwenye kila video maana nguo ikifika Idi imeshapita ni huzuni kwa mtoto na lawama kwetu.

Kuhusu mwisho wa ofa kuwa makini sana. Inaisha siku mwezi ukitangazwa, usiku tunapofunga duka. Inaweza kuwa Alhamisi tarehe 19 au Ijumaa tarehe 20, sasa usirekodi "leo ndo mwisho" ukaiposti Alhamisi mchana, watu wakakimbilia dukani na hela za kukopa alafu kesho yake ofa ipo palepale. Rekodi stori mbili, moja ya mwezi umeandama na nyingine ya bado tunasubiri, tutakupigia tukishasikia tangazo ndo uposti ile inayohusika.

Tunachohitaji kwako ni rili moja Instagram, hiyohiyo TikTok, na stori nne nne kwa siku tatu tofauti: tarehe 7, tarehe 14 na siku ya mwisho. Posti baada ya tarawehe, kuanzia saa tatu na nusu usiku, watu wameshafuturu wamekaa na simu. Mchana hapana.

Sasa malipo. Ni shilingi 800,000, nusu kabla hujaanza na nusu ndani ya siku tatu baada ya stori ya mwisho. Tunakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwa watengeneza maudhui mtandaoni na kuipeleka TRA, kwahiyo kila awamu utaona 380,000 na karatasi ya makato tutakupa. Juu ya hapo unabaki na abaya mbili na kanzu ya mwanao. Hupati kamisheni kwa kila oda, neno IDI KWETU ni la kutusaidia kujua wateja wametokea wapi basi.

Na hizo hela, na hizo nguo, lazima watu wajue. Kila posti, kila stori, hata ile ya sekunde sita. Kwenye rili sema kwa mdomo wako ndani ya sekunde tano za mwanzo, kabla hujageuka kuonyesha nguo:

"Hili ni tangazo, duka limenilipa na nguo hizi wamenipa bure."

Kwenye kapsheni mstari wa kwanza kabisa uandike TANGAZO LA KULIPIWA, usiuzike chini kwenye rundo la haishtegi ambako mtu mpaka abonyeze ndo aone. Kwenye stori maandishi hayohayo yawe juu, meusi kwenye kibandiko cheupe, yasomeke kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kila stori iwe nayo kwasababu mtu anaweza kukutana na ya tatu bila kuona ya kwanza. "Asante sana duka langu" haitoshi, "kolabo" haitoshi, kututagi tu haitoshi.

Pia washa lebo za mitandao yenyewe. Instagram ni "Add paid partnership label" alafu unatuchagua sisi, TikTok unawasha sehemu ya kutangaza maudhui ya biashara na kuchagua "Branded content". Lebo hizo mara nyingi zinatokea kwa Kiingereza na wafuasi wako wengi watazipita tu, ndo maana nakazania Kiswahili pia. Mtu akikuuliza kwenye komenti "umelipwa?" mjibu ndio, na usifute komenti yake.

Najua kuna watu wanaamini ukisema umelipwa hakuna anayenunua. Mi naona tofauti. Kinamama wanaokufuatilia wanavaa Idi kwa hela ya kikoba au ya kuuza maandazi, 48,000 kwao ni hesabu ya wiki kadhaa, wana haki ya kujua anayewaambia "nguo nzuri" anapata nini. Na sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, ingawa hata isingekuwepo ningekuomba vilevile.

Kwahiyo usiseme umeinunua. Usiseme unaivaa "kila siku" wakati umeipata wiki hii. Vaa kwanza, fua mara moja, alafu sema ulichokiona hata kama ni kasoro. Moja nakutajia mwenyewe: ile rangi ya krimu ukisimama juani inaonyesha, mikononi na chini ya magoti, inataka gagulo refu. Simama dirishani uwaonyeshe kabisa, kisha uwaonyeshe nyeusi na ya kijani ambazo hazina shida hiyo. Saizi tunazo 54, 56 na 58, waelekeze kupima kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mguu, sio kukisia.

Tuko kwenye mwezi mtukufu, kwahiyo hatutaki kucheza, hatutaki vyakula mchana, na kisomo cha Qur'ani kisiwe sauti ya nyuma ya tangazo la nguo, naomba sana. Mziki pia acha, nyimbo nyingi za kwenye hizo app hazina ruhusa ya matangazo, sauti yako inatosha. Mtoto mwingine asiyekuwa wako asionekane bila mzazi wake kukubali.

La mwisho ni matapeli. Msimu huu wanachukua video za watu wanaziweka kwenye akaunti feki na namba zao. Sema wazi kwamba ndani ya Dar mteja analipa mzigo ukimfikia, na mikoani analipa kwa Lipa Namba inayotokea jina la duka, jina likiwa la mtu asitume. Ukiona akaunti inatumia sura yako tutumie picha ya skrini muda huohuo.

Nitumie video Alhamisi tarehe 5 kabla ya saa kumi jioni. Nitaangalia bei, tarehe na maneno ya malipo tu, maoni yako kuhusu nguo siyagusi. Posti zikae angalau siku 30, na ofa ikiisha ongeza OFA IMEISHA kwenye kapsheni, ile TANGAZO LA KULIPIWA ibaki ilipo. Ukikubali nijibu "nimekubali" hapahapa, nusu ya kwanza naituma leo usiku, na boda anakuletea nguo kesho asubuhi.