Dokezo sabili: Kukwama kwa ufungaji wa hesabu za mwaka 2023/24 kutokana na takwimu za dawa za vituo 15 kutopatikana

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri
Kutoka: Mweka Hazina, Kitengo cha Fedha na Uhasibu
Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya
Tarehe: 11 Septemba 2024

1. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Naleta jambo hili kwako kwa sababu limefika mahali ambapo ngazi yangu na ile ya Mganga Mkuu wa Wilaya haziwezi kulimaliza bila uamuzi wako, na naomba uamuzi huo upatikane kesho, tarehe 12 Septemba 2024. Mganga Mkuu amelisoma dokezo hili kabla halijafika kwako, na yaliyomo kuhusu vituo vyake ni maelezo tuliyoyaandaa pamoja.

2. Hesabu za mwaka ulioishia tarehe 30 Juni 2024 zinatakiwa kumfikia Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kabla ya siku ya tarehe 30 Septemba kuisha. Usuluhishi wa akaunti za benki, orodha za wadai na wadaiwa pamoja na daftari la mali za kudumu vimekamilika. Kilichobaki ni thamani ya dawa na vifaa tiba vilivyokuwa kwenye stoo za vituo vya kutolea huduma siku ya mwisho wa mwaka. Kati ya vituo 38, takwimu za vituo 23 tunazo na tumekwisha kuziingiza; za vituo 15 bado.

3. Huenda ikaonekana kwamba pengo hili linaweza kuachwa lijazwe wakati wa ukaguzi, lakini sivyo. Gharama ya dawa zilizotumika kwa mwaka mzima tunaipata kwa kuchukua salio la kuanzia, kuongeza dawa zilizopokelewa na kutoa salio la kufungia, hivyo salio la kufungia lisipokuwa sahihi, gharama nayo haiwi sahihi, ziada au nakisi ya mwaka inapotoka, na taarifa ya mali na madeni inabeba kosa lilelile. Mwaka jana vituo hivi 15 vilikuwa na dawa za Sh 214,600,000 kati ya Sh 611,300,000 za vituo vyote, yaani takribani asilimia 35. Kiasi hicho ni kikubwa mno kukadiriwa mezani, na mkaguzi asipopata ushahidi wa kutosha juu yake anaweza kutoa hati yenye shaka kwa Halmashauri nzima, ikiwemo idara ambazo zilikamilisha kila kitu.

4. Mtiririko wa mawasiliano ulikuwa hivi. Fomu za kuhesabia dawa zilipelekwa tarehe 5 Julai, na matarajio yalikuwa zirudi ifikapo tarehe 31 Julai. Hadi tarehe 16 Agosti tulikuwa na vituo 19. Tarehe 2 Septemba nilikaa na Mganga Mkuu pamoja na Mfamasia wa Wilaya, tukapitia kituo kimoja baada ya kingine, na kufikia tarehe 9 Septemba vituo vinne zaidi vikawa vimeleta.

5. Kikao hicho cha tarehe 2 ndicho kilichonionyesha kiini cha tatizo, na napenda ukione kama nilivyokiona mimi. Zahanati 11 kati ya vituo hivi 15 zina mtumishi mmoja au wawili, ambao ndio wanaotibu, wanaotoa dawa na wanaojaza leja. Siku ya kuhesabu stoo kwao ni siku ya kuwarudisha wagonjwa. Zaidi ya hapo, fomu tuliyoitoa sisi ilikuwa na safu ya bei ya kila kipimo, wakati leja ya stoo ya zahanati haina bei hiyo. Bei zimo kwenye ankara za Bohari ya Dawa, na nyingi ya ankara hizo ziko makao makuu. Watumishi kadhaa walikuwa wamehesabu dawa zao vizuri kabisa, wakakwama kwenye safu hiyo na wakaizuia fomu yote wakisubiri maelekezo. Kitengo changu kimekwisha kutoa fomu fupi inayoomba jina la dawa, kipimo, idadi na tarehe ya kwisha muda wake tu. Bei tutazijaza wenyewe.

6. Kwa kuwa tarehe 30 Juni imepita, kituo ambacho hakikuhesabu siku hiyo kitahesabu sasa na kurudi nyuma: idadi iliyopo leo, kuongeza zilizotolewa tangu tarehe 1 Julai, kutoa zilizopokelewa tangu siku hiyo. Njia hii inakubalika endapo leja iko kamili, lakini kila siku inayopita huongeza miamala ya kurudia na nafasi ya kukosea. Dawa zilizokwisha muda zitaorodheshwa peke yake, kwani haziwezi kubebwa kwa thamani yake ya ununuzi, na kuziteketeza kuna taratibu zake za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ambazo hazitamalizika mwezi huu.

7. Tunazo njia mbili. Ya kwanza ni kupeleka timu mbili, kila moja ikiwa na mhasibu mmoja na mtumishi mmoja wa famasi, zitakazotoka tarehe 13 na kurudi tarehe 18 Septemba zikiwa zimefika vituo vyote 15. Mahitaji yake ni magari mawili na Sh 4,860,000 za mafuta na posho, fedha ambazo zipo kwenye kifungu cha Kitengo changu. Ya pili ni kuviachia vituo vijaze fomu fupi na kutuma picha zake kwa simu. Hiyo haina gharama, lakini mzigo wote unabaki kwa mtumishi yuleyule wa zahanati na hakuna jicho la pili linalothibitisha idadi. Mganga Mkuu nami tunapendekeza ya kwanza, kwa sababu timu itamsaidia mtumishi kuhesabu badala ya kumdai.

8. Kwa hiyo naomba uridhie safari hiyo na uelekeze magari mawili yatengwe kwa siku hizo sita. Kitengo changu kina gari moja tu, na la Divisheni ya Afya linatumika kusambaza chanjo, shughuli ambayo nisingependa iguswe. Naomba pia idhini kwamba kituo kitakachoshindikana kufikiwa hadi tarehe 18 kithaminiwe kwa kumbukumbu za leja na ankara, na jambo hilo lielezwe wazi kwenye maelezo ya hesabu.

9. Ukiridhia, thamani zitaingizwa kwenye mfumo wa MUSE ifikapo tarehe 20, rasimu itafika Menejimenti tarehe 23, kisha Kamati ya Ukaguzi tarehe 25 na vikao vya Madiwani tarehe 26 na 27, nasi tutabaki na siku mbili za kurekebisha kabla ya kuwasilisha. Uamuzi ukichelewa hadi wiki ijayo, siku hizo mbili zitapotea na Menejimenti italazimika kusoma rasimu yenye pengo. Mimi na Mganga Mkuu tutakuwa ofisini kesho tangu saa 2:00 asubuhi endapo utahitaji maelezo zaidi.

10. Naomba kuwasilisha kwa mwongozo wako.

Mweka Hazina wa Halmashauri