Utaratibu wa Kurudisha Bidhaa na Kurudishiwa Fedha: Duka la Vifaa vya Umeme vya Nyumbani, Sinza Mori

Ndugu mteja, karibu. Karatasi hii iko ukutani kando ya kaunta, na nakala yake unapewa ukiitaka. Anayekuuzia anafuata maneno haya haya. Hana sheria nyingine aliyoificha chini ya meza. Kile kibandiko cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" tumekitoa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa (Sura ya 214) inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo aliyoyatoa na inayofaa kwa kazi yake, na kibandiko hakiondoi wajibu huo. Ila na sisi tuna kodi ya fremu na mtaji mdogo, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla hujalipa.

1. Kabla hujatoka dukani

Kila kifaa kinapimwa hapa kaunta, mbele yako. Feni inazungushwa spidi zote, blenda inasagishwa maji, pasi inaachwa mpaka ipate moto, balbu inawashwa. Tunafungua boksi kwa mkono wetu, tunahesabu vilivyomo, kisha tunafunga upya na kubandika stika yetu. Tafadhali usituharakishe kwa sababu bodaboda anasubiri. Dakika tano hizi ndizo zinazoondoa ugomvi mwingi wa baadaye.

Kwenye risiti tunaandika namba ya kifaa, ile iliyobandikwa chini au nyuma yake. Kifaa kitakachorudi lazima kiwe na namba hiyo. Tumewahi kuletewa blenda ya zamani ndani ya boksi jipya, na hatutaki kumshuku kila mteja kwa sababu ya mmoja.

Kifaa chenye kasoro ndogo, kama mkwaruzo au kifuniko kilichopasuka kidogo, kinauzwa kwa bei pungufu na kasoro hiyo inaandikwa kwenye risiti. Hutarudisha kwa sababu ya mkwaruzo uliouona ukaukubali. Mota ikifa, hiyo ni habari nyingine, na haki yako iko palepale.

2. Kifaa kibovu: siku 10 za mwanzo

Kifaa kikiharibika chenyewe ndani ya siku 10 tangu tarehe ya risiti, wewe ndiye unayechagua: upewe kingine cha aina hiyo, uchukue cha aina nyingine na kulipana tofauti ya bei, au urudishiwe fedha yako yote. Hatukati hata shilingi, na boksi likiwa limechanika hatulifanyi kisingizio.

Kwa nini siku 10 na si 30? Muuzaji wetu wa jumla wa Kariakoo anapokea kibovu kutoka kwetu ndani ya siku 14, akihesabu tangu siku uliyonunua wewe. Siku nne zinazobaki ni zetu za kukagua na kukipeleka. Ukikileta siku ya 9, tunawahi. Kikikaa kabatini kwako wiki tatu ndipo ukakumbuka kukileta, mlango wa Kariakoo umefungwa, na ndipo kipengele cha 3 kinapoanza kufanya kazi.

Fundi wetu anakifungua mbele yako. Anachotafuta ni kama ubovu umetoka kiwandani au umetokana na matumizi. Vifaa vyetu vyote ni vya volti 220 hadi 240. Haya yafuatayo hayahesabiwi ubovu wa kiwandani: maji kuingia kwenye mota, jagi la umeme kuwashwa bila maji, blenda kusagishwa barafu au karanga kavu wakati kijitabu chake kinakataza, waya kukatwa au kung'atwa na panya, kifaa kuungua kwa sababu umeme ulirudi kwa nguvu, na kifaa ambacho fundi mwingine ameshakifungua kabla yetu. Hili la mwisho linatuumiza zaidi, kwa sababu likishatokea hakuna anayeweza kujua ubovu ulianzia wapi. Kikileta shida, kilete kwanza hapa.

Usiporidhika na maelezo ya fundi wetu, njoo na wako. Watakikagua pamoja, wewe ukiwepo. Wakishindwa kuelewana na siku 10 hazijaisha, tunakuamini wewe na tunabadilisha. Wakishindwa kuelewana baada ya siku 10, gharama ya vipuri tunagawana nusu kwa nusu, na ufundi haulipiwi.

3. Kuanzia siku ya 11 hadi miezi 6 tangu tarehe ya risiti

Hapa tunatengeneza kwanza. Ubovu wa kiwandani unatengenezwa bure, vipuri na ufundi, ndani ya siku 14. Zikifika siku 21 hakijakamilika, unapewa kingine au fedha yako, bila kuuliza kosa ni la nani kati yetu na Kariakoo. Kifaa kilekile kikirudi mara ya tatu kwa ubovu uleule, hatukitengenezi tena. Unapewa kingine au fedha.

Balbu, chaja na plagi ziko nje ya miezi 6. Hizo zinabadilishwa moja kwa moja zikifa ndani ya siku 10 za mwanzo, na zikiwa hazipo stoo unarudishiwa fedha yako.

4. Kifaa kizima, ila umebadili mawazo

Umefika nyumbani ukaona feni ni kubwa kuliko chumba, au mwenzako naye kanunua pasi siku hiyo hiyo. Tunaelewa. Kilete ndani ya siku 3, hakijatumika, stika yetu haijakatwa. Utabadilishiwa kingine, au utapewa hati ya salio ya kutumia hapa dukani ndani ya siku 60. Fedha taslimu hatutoi kwa sababu hii, maana kifaa hakina kosa na fedha yake inakuwa imeshaagiza mzigo mwingine.

Stika ikiwa imekatwa lakini kifaa hakijatumika, tunakata asilimia 10, kwa sababu tutakiuza kama kilichofunguliwa. Feni ya shilingi 75,000 itakupa salio la 67,500. Vitu vinavyogusa chakula, kama blenda, jagi la umeme na jiko la kupikia wali, vikishatumika hata mara moja havirudi kwa kubadili mawazo. Hakuna anayetaka kununua jagi lililochemsha chai ya mwingine.

5. Zawadi za kicheni pati, sendofu na harusi

Hili tumelitenga kwa makusudi. Bibi harusi wa Dar akipata blenda nne si ajabu, na anayekuja kubadilisha siye aliyenunua. Anayenunua zawadi atuambie tangu mwanzo. Tutamwandikia kikaratasi cha zawadi kisicho na bei, akiweke ndani ya boksi. Mwenye kikaratasi hicho ana siku 30 za kubadilisha, stika ikiwa nzima, kwa thamani iliyolipwa siku ile hata kama bei imeshuka au imepanda. Bei hatumtajii mpokeaji. Tunamwonesha tu vitu anavyoweza kuchukua. Zawadi hairudishwi kwa fedha taslimu, isipokuwa ikiwa mbovu, na hapo fedha inarudi kwa aliyenunua.

Kwa zawadi mbovu, zile siku 10 zinahesabiwa tangu siku ya sherehe iliyoandikwa kwenye kikaratasi, mradi haizidi siku 30 baada ya kununua. Kariakoo hawatuelewi kwa hili. Hasara yake ni yetu na tumeikubali.

6. Risiti, na kama imepotea

Dai risiti ya mashine kila unaponunua. Ikipotea, usikate tamaa: tuoneshe ujumbe wa malipo ya simu, au tutajie tarehe na kifaa tukitafute kwenye daftari la mauzo kwa namba yake. Kikionekana, tunakuhudumia kama mwenye risiti. Kisipoonekana popote, hakikutoka kwetu.

7. Fedha inavyorudi

Fedha inarudi kwa njia iliyoingilia. Ulilipa taslimu, unapewa taslimu. Ulilipa kwa simu, iwe M-Pesa, Airtel Money au mtandao mwingine, inarudi kwenye namba ileile iliyolipa, hata kama siku hiyo umekuja na simu ya kaka yako. Makato ya kutuma ni juu yetu, na kifaa kikiwa kibovu tunaongeza pia ya kutolea. Ujumbe wa malipo kwenye simu yako hautoshi peke yake. Lazima muamala uonekane upande wetu.

Hadi shilingi 50,000 anamaliza muuzaji wa kaunta papo hapo. Zaidi ya hapo anaamua mwenye duka, siku hiyo hiyo akiwepo, au kabla ya saa 6 mchana kesho yake. Ikizidi 200,000, tupe siku 2 za kazi. Droo haikai na fedha hiyo. Vyovyote iwavyo unasaini daftari la marejesho, na risiti ya mwanzo inabaki kwetu kwa ajili ya hesabu za kodi.

8. Mizigo ya kupelekewa na ya mikoani

Ndani ya Dar, kagua mbele ya bodaboda kabla hajaondoka. Tukikosea kifaa au rangi, nauli ya kwenda na kurudi ni yetu. Ukibadili mawazo, nauli ni yako.

Mzigo unaopanda basi kituo cha Magufuli, Mbezi, tunaurekodi video wakati wa kufunga na tunakutumia. Nawe rekodi unapofungua, kisha utuarifu ndani ya saa 24. Kilichovunjika njiani huku kimefungwa vizuri tunamdai mwenye basi sisi, si wewe, na wewe unatumiwa kingine ndani ya siku 7.

9. Wanaodunduliza

Unayelipa kidogo kidogo, bei inabaki ileile kwa siku 60. Ukiamua kuacha kabla hujachukua kifaa, unarudishiwa ulichoweka, tukikata asilimia 5 ya kilichowekwa na si ya bei yote. Ukiwa umepata msiba au ugonjwa, zungumza na mwenye duka. Hakatwi mtu kwenye matatizo.

10. Muda wa kuleta, na tusipoelewana

Bidhaa za kurudisha zinapokelewa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, fundi anapokuwepo. Jumamosi tunapokea na kuandika tu, ukaguzi ni Jumatatu, na siku yako inahesabiwa ile uliyoleta.

Muuzaji akikukatalia, mwombe aandike sababu nyuma ya nakala ya risiti na asaini. Peleka kwa mwenye duka. Bado hujaridhika, una haki ya kwenda Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia pia haki za mlaji, na karatasi hiyo yenye sababu iende nawe. Hakuna neno humu linalopunguza haki unayopewa na sheria.

Utaratibu huu unahusu manunuzi ya kuanzia 1 Julai 2025. Ukibadilishwa, bidhaa uliyonunua kabla ya mabadiliko itafuata maneno yaliyokuwa ukutani siku uliyonunua.