Yah: Usaili wa Jumamosi tarehe 14, nakuja, ila nina machache ya kuuliza

Habari za leo dada, pole na majukumu.

Meseji yako nimeipata jana jioni nikiwa bado mwaloni, mikono yote magamba, ndo maana sikujibu palepale nisije nikakuandikia vitu vya ajabu. Asante kwa kunikumbuka kwenye ile nafasi ya mkaguzi wa ubora wa samaki. Jibu fupi ni kwamba NAKUJA, Jumamosi tarehe 14, saa 2 kamili asubuhi, ukumbini Nyakato, naomba uniandike kwenye orodha kabisa.

Sasa marefu kidogo, univumilie.

Mimi natokea Sengerema. Zamani ningekuambia habari za foleni ya kivuko pale Busisi na ungenielewa tu, lakini tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 hicho kisingizio kimekufa, kilomita tatu za maji unazikata hata hujamaliza kutafuna karanga. Kwahiyo nitatoka alfajiri, nishuke Nyegezi stendi, nichukue daladala ya kwenda upande wa Buzuruga, saa 1 na nusu niwe hapo getini. Usafiri usikutie wasiwasi. Wasiwasi wangu mimi ni hapo kwenye meseji ulipoandika "watahiniwa wote wafike saa 2". Wote dada? Maana kuna jamaa yangu kaniambia na yeye kaitwa, na dada yake kaitwa, na hawajasoma mambo ya samaki hata kidogo, sasa nikapiga hesabu nikaona hapo tutakuwa umati.

Nisikufiche, nilishawahi kuitwa usaili wa hivi, sio kwenu, ni sehemu nyingine kabisa. Tuliambiwa saa 2, tukaanza saa 8 mchana, jua la Mwanza unalijua, kivuli kilikuwa cha mwembe mmoja na chini yake walishawahi akina mama wenye watoto, haki yao. Tukaambiwa tuweke vyeti halisi kwenye boksi la karatasi za fotokopi, cha kwangu kilirudi baada ya wiki 3 kina duara la kikombe cha chai juu ya jina la chuo. Mpaka leo kila nikikitoa naulizwa hii nini. Kwahiyo dada naomba nieleweke vizuri, vyeti halisi nitavileta, uvione, uvishike, uvilinganishe na nakala, ila nitaondoka navyo. Nakala nitakuachia seti nzima zenye mhuri wa wakili, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha chuo cha uvuvi Nyegezi, pamoja na namba ya NIDA na sivii yenyewe kurasa 2. Kama kuna kingine kinahitajika, labda barua ya serikali ya mtaa, niambie mapema kwa sababu mtendaji wetu Ijumaa mchana humpati.

La pili ni hilo la kufanyiwa tathmini kwa makundi. Siku ile ninayokuambia tuliwekwa watu 12 meza moja tukaambiwa tujenge mnara wa karatasi na gundi, dakika 20, afu wasaili wamesimama pembeni wanaandika. Kaka mmoja alishika gundi hakuiachia mpaka mwisho, anaongea huyo, anapanga watu, mnara wenyewe ulianguka lakini yeye ndo alichukuliwa. Sisemi hakustahili, labda alistahili. Ila mimi kwenye kundi ni mtu wa kusikiliza kwanza, naongea nikiwa na cha kuongea, na kazi mnayoitangaza naona ni ya mtu anayeangalia kuliko anayepiga kelele. Sikuombi unipendelee. Naomba tu kujua kama kutakuwa na sehemu ya vitendo, yaani tuwekewe samaki mezani kila mtu aseme anaona nini.

Maana hapo ndo kwangu. Leo tu asubuhi kaletwa sangara wa kama kilo 6, mvuvi anaapa kamtoa usiku wa kuamkia leo. Jicho lilikuwa halijazama sana, kwa mbali ungesema mzima. Nikafungua matamvua nikakuta rangi imeshaanza kwenda kahawia na ute mzito, nikabonyeza mgongoni kidole kikaacha shimo, halirudi. Nikamuuliza barafu uliweka saa ngapi, akaangalia ziwa. Nikamtenga pembeni, mvuvi kanuna na mpaka sasa hivi hanisalimii, ila yule samaki angewekwa boksi moja na wengine ungekuwa msiba wa boksi zima. Hiyo ndo kazi ninayofanya kila siku kwa huyu mnunuzi wangu, napima uzito, napima urefu, chini ya sentimita 50 sipokei hata uje na diwani, nahakikisha barafu imepanda mpaka juu sio ya kupambia tu, naandika kwenye daftari. Daftari nitakuja nalo, limelowa lowa kidogo lakini linasomeka.

La tatu, naomba kama inawezekana niwekwe kundi la mwanzo. Jumamosi mzigo unakuwa mkubwa na nimembembeleza mwenzangu anishikie mpaka saa 9 alasiri, zaidi ya hapo atanichoma kwa bosi, na bosi bado hajui kama natafuta kwingine (hili libaki kati yetu tafadhali, na kama mna utaratibu wa kupiga simu kuulizia mtu anapofanya kazi, naomba mpige baada ya kunijulisha, kwanza pigeni kwa mwalimu wangu wa Nyegezi, namba yake iko mwisho wa sivii). Kama makundi yamepangwa kwa herufi za majina na haiwezekani kubadilisha, sawa, nitakaa mpaka niitwe, ila niambie nijipange, nije na mkate na maji.

Halafu dada, kuna jambo sio langu ila nimeona nikuambie. Kwenye grupu moja la wotsapu la vijana wa huku tangazo lenu linazunguka, ila chini wameongeza mstari kwamba kila anayekuja atume elfu 10 ya fomu kabla ya Alhamisi, na namba ya kutumia hela sio hii yako. Kwenye meseji yako hela haijatajwa popote ndo maana nikashtuka. Niliwaandikia wasitume, wengine wakaniambia nawabania. Mdogo wangu anakaa Igoma, nilimwomba apite hapo kwenu aangalie ubao wa getini, kakuta tangazo lipo na hakuna cha elfu 10. Nakutumia picha ya hilo la uongo baada ya meseji hii, ikiwezekana wekeni neno getini na kwenye kurasa zenu, kuna watu nawajua wameshaenda kukopa.

Basi kwa ufupi unijibu haya tu, kundi langu ni saa ngapi, na kama kuna vitendo nije na gambuti na koti langu jeupe au mnatoa wenyewe. Miguu yangu ni namba 10, gambuti za kugawana huwa hazinitoshi.

Namba ni hiihii, wotsapu naingia jioni mtandao ukishika, mchana nipigie ya kawaida, iite muda mrefu maana naifunga kwenye nailoni isiingie maji.

Asante sana dada, kazi njema.

Masanja, Sengerema