Kushuka Kiboriloni

Saa kumi na moja jioni mvua ilikuwa inapiga mabati hadi mko mita moja na mtu hamsikiani. Umeme ulikatika tangu saa nne asubuhi, mti umeangukia waya huko chini wanasema, na mi nilikuwa najaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, kwa mwanga wa simu, ndo akaingia bibi mmoja amelowa chapachapa, nyuma yake binti amefunika mtoto kwa kitenge na juu ya kitenge mfuko wa nailoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Huyu mtoto kifua kimembana."

Mtoto kama huyu huanzi na kifaa cha kusikilizia kifua. Unaanza na macho, unamwambia mama akae nae mapajani, shati juu, we usimguse kwanza. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, na kichwa kinanesa kidogo kidogo, kama mtu anayeitikia jambo ambalo hajaulizwa. Nikahesabu dakika nzima kwa saa ya mkononi. 72. Miezi tisa huyu, kwa umri wake ukifika 50 tayari tunasema anapumua haraka. Katikati alilia nikawa na wasiwasi na hesabu yangu, nikasubiri atulie nikahesabu upya. 74. Na mwisho wa kila pumzi anakoroma, mkoromo mfupi hivi, huo mlio ukishausikia mara moja huusahau.

"Ananyonya?"

"Asubuhi alikuwa anashika anaachia," mama yake akasema. "Mchana hashiki kabisa. Maziwa yananiuma dokta."

Nikamwita Sista. Sista ni nesi wetu, yupo hapa kabla mi sijamaliza hata kidato cha nne, na wakati huo alikuwa chumba cha pili na mjamzito wa mimba ya pili njia imefunguka sentimita 7. Akachungulia mara moja tu mlangoni, akaangalia kile kifua, akarudi na boksi la sindano bila mi kusema kitu.

Oksimita yetu ni ile ya kubana kidole cha mtu mzima, kwa mtoto inasumbua. Nikaupasha mguu kwanza kwa viganja vyangu maana ulikuwa baridi, nikaifunga kwenye dole gumba kwa plasta, namba zikawa zinarukaruka, 88, 70, mistari mitupu, nikamshika mguu usicheze nikangoja hadi mapigo ya kwenye kioo yaendane na ya moyo ninaousikia. Ikatulia. SpO2, oksijeni ya kwenye damu, asilimia 81.

Chini ya 90 anatakiwa oksijeni, hilo halina mjadala. Na oksijeni ipo, ndo kinachouma, mashine ya kuchuja hewa imekaa pale kona imefunikwa shuka safi, inafanya kazi vizuri tu ila inataka umeme, wati 350 hivi, na sola yetu ni ya taa mbili na friji ya chanjo. Mtungi tulionao niliufungua hata kama najua. Geji haikutikisika.

Basi nikafanya yaliyo mikononi mwangu. Uzito kilo 7.2. Ampisilini miligramu 360, unachanganya kichupa cha 500 na maji mililita 2.1 halafu unavuta 1.8, paja la kulia. Jentamaisini miligramu 54, paja la kushoto. Nikapima malaria, hana. Sukari ya damu 5.1, hapo kidogo nikashusha mabega. Nikamsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi, makamasi yaliyotoka we acha, nikamwambia mama amkalishe wima kifuani kwake ngozi kwa ngozi na amfunike. Kadi ya kliniki nzuri, chanjo zote hadi ya surua. Mama anayejitahidi kabisa huyu. Nikauliza siku ngapi anaumwa, akamtazama bibi.

Bibi akasema, "Nne. Mi nilidhani kimeo. Nilishapanga kesho akakatwe."

Sikumgombeza. Huku kikohozi kikikaa watu wanasema kimeo, anatafutwa fundi anakata, na bibi huyu kalea wajukuu sita kwa akili hiyohiyo na upendo huohuo. Nikamwambia bibi, tatizo liko chini zaidi ya koo, ni mapafu, ni nimonia kali, na dawa anayoitaka sasa hivi ni hewa.

"Mpe basi."

Nikakosa la kumjibu, nikatoka na simu barazani.

Dereva wa ambulansi akapokea. Yuko mjini, mtungi anao na una gesi, ila barabara ya kupanda Old Moshi udongo umeshuka sehemu mbili, "nikija hadi huko juu niwekee saa moja na nusu dokta, au nisifike kabisa." Nikampigia fundi wa umeme wa eneo letu, akasema wako kazini, saa moja usiku umeme utakuwa umerudi. Namba ya 115 ya m-mama naijua kwa kichwa lakini hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga, huyu ana miezi tisa. Na uani kuna Noa ya Mangi, jirani, ikiwa mafuta yamo.

Naomba mnielewe nilichokuwa napima hapo, maana kwa mtu wa nje rufaa ni karatasi tu, unaandika unampa mgonjwa unasema nendeni. Mtoto wa 81 ukimwingiza kwenye gari dakika 40 za mashimo bila oksijeni, baridi, anatikiswa, analia, kila kilio kinakula hewa ambayo hana. Anaweza kufia mapajani kabla ya lami. Ukimbakiza, kuna joto, mi nipo, na umeme ukirudi kweli saa moja nabonyeza swichi tu na kila kitu kinakaa sawa. Lakini hilo neno "ukirudi" ndo limebeba mtoto mzima. Mwaka juzi niliambiwa saa mbili, ukarudi kesho yake mchana, na mtoto wa siku ile niliyeamua kumngoja nae hakufika asubuhi. Mama yake bado nakutana nae sokoni, ananisalimia vizuri, hana neno na mi. Mi ndo huwa naangalia nyanya.

Nikarudi ndani nikamwambia Sista, nataka kuwashusha na Noa, tukutane na ambulansi Kiboriloni pale kwenye lami, hivyo njia yake ya matope tunaila sisi. Lakini lazima mtu aende na ambu ya kumsukumia hewa, akiacha kupumua njiani nani atamsaidia? Na nikienda mi, wewe unabaki peke yako na uchungu.

Sista alikuwa ananawa mikono. "Huyu mama wangu hana shida yoyote aliyoniambia mpaka sasa. Huyo mtoto ameshakuambia." Akafuta mikono. "Nenda. Ila simu iwe juu."

Bado bibi. "Baba yake hajasema," akaniambia, na kweli huku mtoto hashuki hospitali bila baba kujua. Baba yuko Mererani, machimboni, mara tatu simu haipatikani, ya nne akapokea. Nikamweleza kwa sentensi mbili. Kimya kidogo, nikasikia watu wanaongea nyuma yake.

"Dokta, fanya kama wako. Hela?"

"Chini ya miaka mitano halipii matibabu. Mafuta ya Mangi tutaongea baadae."

Nikaandika karatasi ya rufaa, jina, dawa, dozi, saa kumi na moja na dakika 25 ndo amechomwa, SpO2 81 bila oksijeni. Nikapiga simu hospitali ya Mawenzi nikaongea na wa zamu ya watoto ili wajue nani anakuja, maana mtoto akifika wameshajua kitanda na oksijeni vinamngoja. Saa kumi na mbili kasoro kumi tukatoka. Bibi akabaki barazani na ule mfuko wa nailoni.

Mangi anaendesha vizuri akiogopa. Mama alikaa kati, mtoto wima kifuani, mi pembeni nimeshika oksimita na ambu ndogo imelala kwenye goti. 80. 79. Kwenye udongo ulioshuka gari likateleza matako nje, Mangi akataja jina la Yesu, tukapita. 77. Mtoto anakoroma, anakoroma, mi nahesabu mikoromo kama rozari, ilikuwa ndo kitu pekee kinachoniambia bado anapambana.

Halafu mkoromo ukaisha.

"Ametulia," mama akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje. "Amelala dokta."

Mungu wangu. Mtoto wa nimonia kali akitulia ghafla usifurahi. Nikawasha tochi. Kifua kimelegea, pumzi moja, kimya, pumzi nyingine ndogo, midomo imekuwa rangi ya majivu. Kachoka. Mtoto kachoka kupumua, kama mtu aliyebeba mzigo kupanda mlima akaamua kuuweka chini.

"Mangi simama! Mlaze hapa mama, hapa kwenye kiti, kichwa hivi."

Barakoa ndogo nikaifunika pua na mdomo, kidole chini ya kidevu, nikabonyeza taratibu kwa vidole viwili vitatu tu hadi kifua kikainuka. Achia. Bonyeza. Hewa ya kawaida hii, haina cha ziada, lakini inaingia. Mvua inapiga bodi ya gari, mama haongei chochote, amemshika mwanae kisigino cha mguu wenye oksimita na amekishika vizuri, hakitikisiki hata kidogo, nadhani alikuwa ameniona nilivyofanya kule. Pumzi kama 20 hivi. Akavuta mwenyewe. Nikangoja. Akavuta tena, akakunja uso, akalia, kilio kidogo cha kukwaruza.

"Twende Mangi. Taratibu lakini twende."

Nikaendelea kumsaidia kila alipolegea, hadi nikaona taa za Kiboriloni na ile nyekundu inazunguka pembeni ya lami. Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, nesi wa ambulansi ameshika mirija ya puani tayari. Lita 2 kwa dakika. Nilipanda nao nikainama kwenye ile namba ndogo.

78.

82.

Nikamsogeza mrija wa kushoto uliokuwa unatoka, nikaupiga plasta shavuni.

86. 89. Ikakaa hapo muda mrefu, mi najiambia usiombe sana, halafu 92, na kichwa bado kinanesa, bado kazi ipo kubwa, lakini midomo imeanza kurudi rangi yake. Nesi akachukua karatasi, nikamwambia alichoka njiani, ambu pumzi kadhaa, mwambie daktari hivyohivyo, ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Mama akanishika mkono wenye ambu, akaubana, mlango ukafungwa.

Nikasimama kwenye mvua. Mangi alikuwa ameegemea usukani, paji la uso juu ya mikono. Simu ikaita.

"Uko wapi?" Sista. Nyuma yake nasikia mwanamke anasukuma. "Kichwa kimetoka, na kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Nishikilie tochi na nini?"

"Weka spika, simu iweke kifuani, taa iangalie chini," nikamwambia, huku nagonga kioo cha Mangi. "Ingiza kidole chini ya kamba. Inalegea?"