2.3 Ukubwa wa Darasa na Ufaulu wa Wanafunzi katika Shule za Msingi za Umma

Maandishi mengi kuhusu mada hii huchanganya vitu viwili, yaani ukubwa wa darasa na uwiano wa walimu kwa wanafunzi. Ukubwa wa darasa ni idadi ya watoto walio mbele ya mwalimu mmoja katika kipindi kimoja, ilhali uwiano hupatikana kwa kugawa wanafunzi wote wa shule kwa walimu wote. Shule yenye wanafunzi 720 na walimu 16 hutimiza uwiano wa 1:45, lakini ikiwa ina vyumba saba tu vya madarasa na watoto wote husoma kwa wakati mmoja, kila chumba huwa na wastani wa wanafunzi 103. Takwimu za uwiano ndizo hupatikana kwa urahisi, na ndiyo sababu zimetumiwa na watafiti wengi hata pale ambapo swali lao lilihusu ukubwa wa darasa.

Ushahidi unaonukuliwa zaidi ni wa jaribio la STAR lililofanyika Tennessee, Marekani, kati ya 1985 na 1989, ambapo wanafunzi na walimu waligawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17 na ya kawaida ya 22 hadi 25. Finn na Achilles (1990) pamoja na Krueger (1999) waligundua kwamba watoto wa madarasa madogo walifaulu zaidi, na kwamba nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi na wa familia maskini. Kwa Israeli, Angrist na Lavy (1999) walitumia kanuni ya kugawa darasa linapozidi wanafunzi 40 na kupata matokeo yanayoelekea huko huko, hasa darasa la tano. Hata hivyo, waandishi hao hao pamoja na wenzao waliporudia kazi hiyo kwa takwimu mpya (2019) hawakuiona tena athari hiyo. Mwanauchumi wa elimu Hanushek, kwa upande wake, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kupunguza wanafunzi peke yake hakuna uhusiano wa kuaminika na ufaulu. Ikumbukwe kuwa darasa lililoitwa la kawaida Tennessee lingehesabiwa dogo mno Mbeya, mmoja wa mikoa ya utafiti huu nchini Tanzania.

Kwa sababu hiyo, utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer (2015) uliofanyika magharibi mwa Kenya unastahili kusomwa kwa makini kuliko hizo zote. Kamati za shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa mkataba, na darasa likashuka kutoka wastani wa wanafunzi 82 hadi 44. Watoto waliobaki na mwalimu wa serikali hawakupanda kwa kiwango cha maana, ilhali waliofundishwa na mwalimu wa mkataba walipanda. Waandishi wanaeleza kuwa walimu wa mkataba walikosekana kazini mara chache, na kwamba baadhi ya walimu wa serikali walilegeza juhudi baada ya kupata msaidizi; pale wazazi walipopewa nguvu katika kamati, ulegevu huo ulipungua. Haifai kusoma matokeo haya kama hukumu dhidi ya walimu wa serikali. Yanachoonyesha ni kwamba nafasi inayopatikana darasa linapopungua huzaa matunda ikitumika kufundisha.

Nchini Tanzania, uandikishaji uliongezeka sana baada ya kufutwa kwa ada chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, mwaka 2002 na tena baada ya elimu bila malipo kuanza 2016. Mbiti na wenzake (2019) walionyesha kwamba ruzuku kwa shule pekee haikuinua ufaulu, ila ilipounganishwa na motisha kwa walimu iliuinua. Utafiti huo, hata hivyo, haukulenga ukubwa wa darasa.

Katika ziara ya awali, mtafiti alikaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya umma pembezoni mwa Jiji la Mbeya, lililokuwa na watoto 104, wanne kwa dawati moja. Kipindi kilikuwa cha dakika 30. Hata mwalimu angetumia nusu dakika tu kwa kila daftari, kusahihisha kungemchukua dakika 52; alisahihisha ya safu mbili za mbele, na mtoto aliyekaa pembeni mwa mtafiti alifunga daftari lake lenye herufi «d» na «b» zilizobadilishana, bila mtu kuziona. Mtoto wa umri huo asiposahihishwa leo, kesho anaandika kosa lile lile kwa kujiamini.

Tafiti zilizopitiwa hapa hazielezi kinachotokea kwenye safu za nyuma za darasa la aina hii, na chache zimetenganisha madarasa ya chini na ya juu ndani ya shule moja. Kwa hiyo, utafiti huu katika mikoa ya Mbeya na Iringa utahesabu watoto waliomo chumbani kipindi kwa kipindi, badala ya kutegemea daftari la mahudhurio, na utarekodi madaftari yaliyosahihishwa kulingana na mahali mtoto alipoketi.