Jaribio la debiti na krediti: vitabu vya muuza korosho wa Mikindani

Jaribio hili ni la wanaoanza kuandika leja. Biashara ni moja, ya mama anayekaanga na kupakia korosho Mikindani, na miamala yote ni ya Oktoba. Chukua karatasi na uchore mstari katikati: kushoto debiti, kulia krediti. Mali na gharama zikiongezeka huandikwa kushoto. Madeni unayodaiwa, mtaji na mauzo yakiongezeka huandikwa kulia. Kikipungua, unageuza. Usitazame majibu kabla hujamaliza, tafadhali. Kukosea kwenye karatasi hakugharimu kitu.

1. Tarehe 2 ameanza biashara kwa shilingi 800,000 zake mwenyewe, taslimu.
A. Debiti Mtaji, krediti Fedha taslimu
B. Debiti Fedha taslimu, krediti Mtaji
C. Debiti Fedha taslimu, krediti Mauzo

2. Tarehe 3 amechukua kwa kikundi cha wabanguaji kilo 20 za korosho, kilo shilingi 22,000, kwa mali kauli.
A. Debiti Manunuzi, krediti Fedha taslimu 440,000
B. Debiti Kikundi, krediti Manunuzi 440,000
C. Debiti Manunuzi, krediti Kikundi 440,000

3. Tarehe 4 amenunua taslimu mashine ya kufungia pakiti, 85,000.
A. Debiti Vifaa, krediti Fedha taslimu
B. Debiti Manunuzi, krediti Fedha taslimu
C. Debiti Fedha taslimu, krediti Vifaa

4. Tarehe 5 amegundua kilo 2 zina ukungu, akazirudisha kwa kikundi, nao wamekubali.
A. Debiti Fedha taslimu, krediti Kikundi 44,000
B. Debiti Kikundi, krediti Marejesho ya manunuzi 44,000
C. Haiandikwi, maana hakuna pesa iliyotembea

5. Tarehe 8 amelipa bajaji 6,000 taslimu kupeleka mzigo Mtwara mjini.
A. Debiti Usafirishaji, krediti Fedha taslimu
B. Debiti Fedha taslimu, krediti Usafirishaji

6. Siku hiyohiyo ameipa hoteli moja ya Shangani pakiti za 150,000, italipa baadaye.
A. Debiti Hoteli, krediti Mauzo
B. Debiti Mauzo, krediti Hoteli
C. Asubiri alipwe ndipo aandike

7. Tarehe 12 ametoa 10,000 kwenye sanduku la biashara, akamnunulia mwanawe madaftari ya shule.
A. Debiti Gharama za ofisi, krediti Fedha taslimu
B. Debiti Matumizi binafsi, krediti Fedha taslimu
C. Pesa ni yake, haiandikwi

8. Tarehe 20 hoteli imelipa deni lote benki. Ujumbe wa simu unasema: "Akaunti yako imekreditiwa TZS 150,000." Katika leja yake ataandika:
A. Debiti Hoteli, krediti Benki
B. Debiti Benki, krediti Mauzo
C. Debiti Benki, krediti Hoteli

9. Salio la Fedha taslimu baada ya yote hayo ni:
A. 699,000, debiti
B. 699,000, krediti
C. 259,000, debiti

Majibu

1: B. Biashara imepokea pesa, na inadaiwa na mwenyewe kiasi hichohicho.

2: C. Mali kauli haigusi sanduku. Kikundi kimetoa mzigo, kwa hiyo kinasimama kulia kama mdai.

3: A. Hapa ndipo wengi huteleza, na ni kosa linaloharibu faida ya mwezi mzima. Manunuzi ni bidhaa za kuuza tu. Mashine inabaki kazini, hivyo ni mali. Ukiiweka kwenye Manunuzi, faida ya Oktoba itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

4: B. Deni limeshuka hadi 396,000. Asipoandika, atakuja kulipa korosho zenye ukungu.

5: A.

6: A. Mauzo yametokea siku mzigo ulipokabidhiwa.

7: B. Pesa ni yake kweli, lakini sanduku ni la biashara. Hii ndiyo akaunti ninayoisisitiza kuliko zote: nimeona daftari safi kabisa likashindwa kueleza mtaji ulikoishia, kumbe uliondoka elfu kumi kumi bila kuandikwa.

8: C. Mauzo yaliandikwa tarehe 8, kuyarudia ni kuyahesabu mara mbili. Na ule ujumbe usikutishe. Benki inazungumza kwa leja yake: pesa zako kwao ni deni wanalodaiwa na wewe, likiongezeka wanakrediti. Kwako ni mali, unadebiti.

9: A. 800,000 toa 85,000, toa 6,000, toa 10,000. Aliyejibu C ametoa pia zile 440,000 za mali kauli. Aliyejibu B afikirie hivi: salio la krediti lingemaanisha ametoa sandukuni pesa ambazo hazikuwemo. Ukilikuta kwenye leja yako, kuna risiti hujaiandika au tarakimu umeikosea. Rudi nyuma mstari kwa mstari hadi uipate.