Waya wa Njano

Kila nikiwasha IST yangu, mwanamke wa Kijapani hunisemesha. Kwa miaka miwili nilidhani ni salamu, nikawa namwitikia marahaba. Kumbe anadai kadi ya kulipia barabara za kwao.

Skrini nzima ni Kijapani. Kitufe cha muziki nakijua kwa mahali kilipo tu. Kwenye flashi nina mafaili manne: singeli, taarab, kaswida na mapambio. Abiria akifungua mlango namtazama, namchagulia la kwake. Nilijisifu kijiweni kwamba sijawahi kukosea.

Masika yalipokwisha na mashimo yakabaki, skrini ikaasi. Gari likiruka tuta tu, inazima, inawaka, inaokota faili inalolitaka yenyewe. Mama mmoja niliyempeleka msibani Mbezi, kanga mbili na macho mekundu, singeli ilimfumukia hapo Kimara. Alishuka pale pale. Nauli sikuidai, ningeanzia wapi?

Wiki ile ile nikampakia mzee wa kanzu na kofia ya kiua, Magomeni kwenda Temeke. Nikamwekea kaswida. Tuta la kwanza: taarab, tena ile ya mipasho mikali, mke mwenza anatukanwa hadi ukoo wake. Nikarusha mkono kwenye kitufe.

"Acha, mwanangu."

"Shikamoo mzee, samahani, hii redio..."

"Nimesema acha."

Kwenye kioo nikaona kidole cha shahada kinagonga goti, taratibu, hakikosi pigo hata moja. Pale mwimbaji alipovuta pumzi, mzee alimtangulia kwa neno. Foleni ya Chang'ombe ilikuwa ndefu, akaniomba nirudishe wimbo mara mbili. Sikujua namna ya kurudisha. Nikatafuta tuta.

Akanipa elfu ishirini kwa nauli ya kumi na mbili. "Chenji kaa nayo. Na nyumbani kwangu usipafahamu."

Usiku nikamchukua binti wa Sinza, kisketi na kope za kubandika, nikamwekea singeli. Tuta likaleta kaswida. Akaimba yote, na kiitikio, kwa sauti iliyonifanya nipunguze mwendo. Naye akaongeza buku tano.

Lakini yule mama wa Mbezi alikuwa bado ananikaa kooni. Jumatatu nikaenda Kariakoo. Fundi akang'oa skrini, akanionyesha waya wa njano umelegea. "Huu ndio unaoipa kumbukumbu. Ukikatika, inasahau kila kitu." Akauchomelea. Elfu kumi na tano.

Siku kumi skrini ikanitii. Mashehe kaswida, mabinti singeli. Wote wakatazama simu zao mpaka wakafika, wakalipa nauli kamili, senti haikuzidi.

Jana nimerudi kwa fundi.

"Imeharibika tena?"

"Haijaharibika. Ule waya, kaka. Ulegeze kidogo, halafu nifungie swichi hapa karibu na gia. Siku ya msiba niwe naukaza."

Alinitazama, akatazama gari. Kisha akasema hiyo itakuwa elfu thelathini.

Nikampa.